Dinki na dropu ya pigo la tatu: namna ya kumfanya mpinzani apige mpira kutoka chini ya wavu

Katika pikoboli ya wawili kwa wawili, kwa hesabu ya kawaida ni timu inayoanzisha tu ndiyo inayoweza kupata pointi. Lakini timu hiyohiyo huanza ikiwa mahali pabaya. Sheria ya midundo miwili inataka sevisi idunde kabla ya kurudishwa, na mpira uliorudishwa nao udunde kabla ya kupigwa tena. Kwa hiyo mpokeaji akisharudisha anakimbilia mbele na kusimama sambamba na mwenzake aliyekwisha kujipanga karibu na wavu, huku ninyi wawili mmebaki kwenye mstari wa nyuma mkisubiri mdundo. Pigo mtakalopiga sasa ni la tatu tangu pointi ianze. Likiwa zuri, mnapata nafasi ya kwenda mbele. Likiwa baya, mnabaki nyuma mkipigiwa mipira miguuni hadi mmoja wenu akosee.

Mchezaji mgeni akiwaona wapinzani wawili wamesimama mbele hushawishika kuupiga mpira kwa nguvu zote katikati yao. Mara chache inafaulu, na hizo chache ndizo anazozikumbuka. Pigo linalofaa zaidi hapo ni dropu, yaani mpira wa polepole unaopanda, unashuka na kuangukia karibu na wavu upande wa pili. Mkishafika mbele, dropu inaachia nafasi dinki, ambayo ni pigo la aina hiyohiyo lakini fupi, kutoka jikoni, yaani eneo lililo karibu na wavu, hadi jikoni la upande wa pili.

Kwa nini nguvu inakurudia mwenyewe

Uwanja una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1. Wavu una kimo cha sentimita 91 kwenye mistari ya pembeni na sentimita 86 katikati. Kila upande kuna jikoni, eneo la mita 2.13 kutoka kwenye wavu, ambamo huruhusiwi kupiga voli, yaani mpira ambao haujadunda. Mstari wa jikoni ni sehemu ya jikoni. Ukipiga voli ukiwa nje kisha msukumo wa mwili wako ukakuingiza ndani, ni kosa, hata kama pointi ilikuwa imeshakwisha. Kuingia jikoni kupiga mpira uliokwisha kudunda kunaruhusiwa wakati wowote, ila kabla ya kupiga voli inayofuata ni lazima miguu yote miwili iwe imetua nje.

Sheria hiyo moja ndiyo inayoupa mpira laini thamani yake. Mpinzani hawezi kuusogelea wavu na kuupiga mpira wako hewani kuelekea chini. Anapaswa kusubiri nyuma ya mstari, na kufikia hapo mpira laini umeshashuka chini ya ukingo wa juu wa wavu. Mpira ulio chini ya ukingo huo lazima upigwe kuelekea juu. Mpira unaopigwa juu kwa nguvu una njia mbili tu: utoke nje, au umfikie mtu wa upande wa pili akiwa na kibao chake cha kupigia tayari.

Chukua mfano. Umesimama kwenye mstari wa jikoni, na mpira umefika sentimita 40 kutoka ardhini. Ili uvuke wavu ni lazima uupige kwa mwinuko wa nyuzi 15 hivi. Ukiupiga kwa mwendo wa kilomita 54 kwa saa, ambao si mkali sana kwa mtu mwenye mkono mzima, unafika kwenye mstari wa jikoni wa mpinzani ukiwa kwenye kimo cha mita 1.1. Hapo ni kifuani pake, juu ya wavu, mahali anapopapenda. Akiuacha, unavuka mstari wa nyuma na kosa ni lako. Kwa hiyo dhidi ya wanaojua kuacha mipira ya namna hii unapoteza, na dhidi ya wasiojua unapigiwa smashi.

Sasa geuza mambo: mlazimishe yeye awe ndiye mwenye mpira wa sentimita 40. Kazi yote ya dinki na dropu ni hiyo.

Kilele cha mpira

Jambo la kwanza la kujifunza kuliona ni kilele, yaani mahali mpira unapofikia kimo chake cha juu kabla ya kuanza kushuka. Kilele kinapaswa kuwa upande wako wa wavu. Mpira ukivuka wavu huku bado unapanda, utafika kwa mpinzani ukiwa juu, hata kama ulikuwa wa polepole.

Kimo cha kilele nacho kina kipimo chake. Mpira wa pikoboli unaokubalika kwa mashindano hujaribiwa kwa kuangushwa kutoka sentimita 198, na lazima urudi juu kati ya sentimita 76 na 86. Maana yake mpira wako ukipanda hadi karibu mita 2 kisha ukashuka, utadunda hadi sentimita 80 hivi, chini ya ukingo wa wavu. Ukipanda mita 3 utadunda hadi mita 1.2 au karibu na hapo, na mpinzani atapata mpira wa kupigia chini. Kwa dropu kutoka mstari wa nyuma, lenga kilele cha takriban mita 2, sawa na mtu mrefu aliyenyoosha mkono kidogo tu juu ya kichwa, na kiwe karibu juu ya mstari wako wa jikoni au nyuma yake kidogo. Mpira wa namna hiyo unavuka wavu kwa nafasi ya sentimita 30 hivi na kuangukia katikati ya jikoni la wapinzani. Hata mpinzani akinyoosha mkono juu ya jikoni ili auwahi hewani, ataupata kwenye kimo cha goti.

Dinki haihitaji kwenda juu kiasi hicho. Kilele cha sentimita 15 hadi 30 juu ya wavu kinatosha, nacho pia kiwe upande wako.

Anza na dinki, siyo dropu

Wengi hutaka kujifunza dropu kwanza kwa sababu ndiyo inayotangulia kwenye pointi. Ni kinyume. Dropu ni dinki iliyorefushwa, na makosa madogo ya mkono yasiyoonekana kwenye umbali wa mita 4 huonekana wazi kwenye mita 7.

1. Simama sentimita 5 hadi 10 nyuma ya mstari wa jikoni. Miguu ipanuke kidogo kuliko mabega, magoti yakunjwe, uzito uwe mbele kwenye vidole. Kibao kikae mbele ya kifua, siyo kando ya paja.

2. Shika mpini kama unavyoshika nyundo ya kupigilia msumari, ukingo wa kibao ukielekea chini. Mshiko huu hautaki kubadilishwa unapotoka upande wa kiganja kwenda upande wa mgongo wa mkono. Kwa kipimo cha 1 hadi 10, ambapo 10 ni kubana kabisa, shika kwa 3 au 4. Mtu akikivuta kibao chako kwa vidole viwili kinapaswa kuanza kutoka.

3. Mpira unapokuja, sogeza miguu kwanza. Lengo ni kuupiga ukiwa mbele ya mwili wako, kati ya mguu wa mbele na wavu. Dinki nyingi mbovu huanzia kwenye miguu iliyoganda, kisha mkono ukalazimika kwenda kuokota mpira pembeni au nyuma ya nyonga.

4. Kibao kisirudi nyuma ya nyonga yako. Kwa dinki ya kawaida hakirudi nyuma kabisa: kinashushwa chini ya mpira, uso wake umeelekezwa juu kidogo.

5. Inua kutoka begani. Kiwiko na kifundo cha mkono vitulie, magoti yanyooke kidogo tu. Mwendo ni wa kuusindikiza mpira kwenda juu na mbele, na unaishia kibao kikiwa kwenye kimo cha kifua. Usiupige kofi.

6. Rudisha kibao mbele ya kifua mara mpira unapotoka. Kama uliingia jikoni, toka, miguu yote miwili.

Fanya mazoezi na mwenzako mkitazamana moja kwa moja, kila mmoja kwenye mstari wake wa jikoni. Mkifikisha mipira 20 mfululizo bila kosa, nendeni kona kwa kona. Njia ya mshazari ndiyo mtakayoitumia zaidi kwenye mechi, na kuna sababu mbili. Kutoka mstari hadi mstari mkitazamana ni mita 4.3 tu, lakini kona kwa kona inafika karibu mita 7.4, kwa hiyo mpira unapata nafasi ndefu zaidi ya kutua. Pili, mshazari unapita katikati ya wavu, ambako ni chini kwa sentimita 5 kuliko pembeni.

Mahali pa kulenga si palepale kila mara. Miguu ya mpinzani ni shabaha nzuri, hasa ule upande wa mgongo wa mkono wake, kwa sababu watu wengi upande huo huupeleka mpira juu wakibanwa. Mstari wa pembeni uache mpaka umezoea: dinki inayokaribia pembeni humfungulia mpinzani pembe ya kukurudishia nje zaidi.

Dropu, ukirudi nyuma hatua kwa hatua

Usianzie mstari wa nyuma. Mwenzako akae kwenye mstari wake wa jikoni akikurudishia mipira mirefu na laini, na wewe uanze kwenye mstari wako wa jikoni ukipiga dinki. Ukipata 7 kati ya 10 zinazomlazimisha kupiga kutoka chini, rudi nyuma hatua mbili. Kutoka mstari wa jikoni hadi mstari wa nyuma ni mita 4.6, kwa hiyo utakuwa na vituo vitatu au vinne njiani. Ukishuka chini ya 7 kwenye kituo kipya, rudi mbele kituo kimoja. Zoezi hili linachosha kwa kujirudia, lakini mtu anayeanzia nyuma moja kwa moja hujifunza kubahatisha nguvu, na siku ya mechi bahati hiyo haipo.

Kadiri unavyorudi nyuma, mambo matatu yanabadilika. Mguu wa mkono usioshika kibao unatangulia mbele, ili mwili usaidie kusukuma. Kibao kinaweza kurudi nyuma hadi usawa wa nyonga, lakini si zaidi. Na magoti ndiyo yanayoongeza nguvu, siyo kifundo cha mkono. Mengine yote yanabaki kama kwenye dinki: mshiko mlegevu, uso wa kibao wazi kidogo, mpira mbele ya mwili.

Wakati wa kupiga una umuhimu wake. Acha mpira udunde, ufike juu, uanze kushuka. Ukiukimbilia ungali unapanda kutoka kwenye mdundo, nguvu zake zinajumlishwa na zako na pigo linarefuka. Ndiyo maana inafaa kusimama hatua moja nyuma ya mstari wa nyuma baada ya kuanzisha: ni rahisi kwenda mbele kuupokea mpira kuliko kurudi kinyumenyume ukiwa umebanwa.

Simama unapopiga. Wageni wengi huanza kukimbia kuelekea mbele kabla hawajamaliza pigo, kwa kuwa wameambiwa wafike jikoni haraka. Mwili unaokimbia unaongeza mwendo kwenye mpira, na dropu inageuka kuwa mpira mrefu wa kimo cha kiuno. Piga kwanza, tazama, kisha nenda.

Kwenda mbele kwa kusoma kibao cha mpinzani

Tuseme unatumia mkono wa kulia na umeanzisha ukiwa kushoto. Mpinzani amerudisha mpira mrefu wa katikati, umedunda karibu mita moja ndani ya mstari wenu wa nyuma. Wewe ndiye upande wako wa kiganja uko katikati, kwa hiyo unauchukua na kupiga dropu ya mshazari juu ya sehemu ya chini ya wavu. Mara mpira unapoanza kushuka, macho yako yahame kutoka kwenye mpira hadi kwenye kibao cha mpinzani anayeufuata.

Akishusha kibao chini ya kiuno, atapiga kuelekea juu. Nendeni mbele, wewe na mwenzako pamoja. Akikiinua juu ya bega, dropu yako imekuwa juu sana: simameni hapohapo mlipo, mkunje magoti, vibao mbele ya magoti, msubiri smashi. Akiwa katikati, songeni hatua mbili au tatu na msimame.

Kwa vyovyote vile, muwe mmesimama kibao cha mpinzani kinapougusa mpira. Mruko mdogo wa miguu miwili unaotua wakati huohuo unatosha kukuweka tayari kwenda upande wowote. Mchezaji aliye katikati ya hatua hawezi kubadili njia, na mpinzani mwenye jicho atautuma mpira kule anakotoka.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bila sababu. Si lazima pigo moja liwafikishe jikoni. Dropu ya tatu ikiwasogeza hadi katikati ya uwanja, pigo la tano linaweza kuwa dropu nyingine kutoka hapo, na ni rahisi zaidi kwa kuwa ni fupi. Kinachowaangusha ni kukimbia hadi mbele baada ya dropu mbovu, mkakutana na smashi mkiwa wima.

Mpira unakwambia kosa lako

Ukigonga wavu mara kwa mara, kwa kawaida umesimama wima na kibao kinaukuta mpira kwa uso uliofungwa, au umeuchelewa na umeupiga pembeni ya mwili. Kunja magoti zaidi, kisha inua kilele kwa sentimita 30 bila kuongeza nguvu za kwenda mbele. Kosa la wavu ndilo ghali kuliko yote, kwani pointi inakufa papo hapo. Dropu iliyopanda mno bado inamtaka mpinzani aimalizie, na mpinzani mgeni mara nyingi hushindwa. Kwa hiyo ukiwa bado unajifunza, kosea kuelekea juu.

Mpira ukiwa mrefu na wa chini, na ukamfikia mpinzani kifuani, kilele chako kiko upande wake. Umebana mshiko au umerusha kifundo cha mkono mwishoni. Dalili ya kifundo ni kwamba mipira yako haifanani: mmoja wavuni, unaofuata juu, unaofuata nje, ingawa ulidhani umefanya kitu kilekile.

Mpira ukitua nusu mita nje ya mstari wa jikoni wa wapinzani, miguuni mwao, usiuhesabu kama kosa. Dropu haina sharti la kutua ndani ya jikoni. Sharti lake ni kupigwa kutoka chini, na mpira wa vidoleni hutimiza hilo vizuri tu.

Angalia pia uwanja wenyewe. Uwanja wa badmintoni wa wawili kwa wawili una upana na urefu uleule wa pikoboli, ndiyo sababu kumbi nyingi huutumia, lakini mstari wake wa mbele uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu. Ongeza utepe sentimita 15 nyuma yake, la sivyo mtazoea jikoni fupi. Wavu wa tenisi una sentimita 91 katikati na karibu 107 kwenye nguzo; ukiutumia bila kuushusha, njia ya pembeni inakuwa ngumu kuliko ilivyo kwenye uwanja halisi. Mpira wa nje wenye matundu madogo 40 ni mgumu na unakwenda kasi kuliko ule wa ndani wenye matundu makubwa 26, kwa hiyo usifanye mazoezi na mmoja kisha ucheze mechi na mwingine. Na panapovuma upepo, kama viwanja vya wazi vya pwani, upepo wa usoni unaushusha mpira mapema na wa mgongoni unaurefusha. Rekebisha kimo cha kilele kwanza, kabla ya kugusa nguvu.

Lini upige kwa nguvu

Mpira wowote unaoupata juu ya ukingo wa wavu, ukiwa umesimama sawasawa, upige kuelekea chini, miguuni mwa mpinzani au katikati yao. Kuupigia dinki mpira wa kifuani ni kumsamehe mtu aliyekosea. Vivyo hivyo, wakirudisha sevisi yako kwa mpira mfupi uliodunda juu mbele yako, pigo la tatu liwe kali na la chini. Wakiuzuia, utakaorudi mara nyingi huwa mfupi, na dropu inakuwa ya pigo la tano.

Na kama wapinzani hawakuja mbele kabisa, wamebaki wote wawili kwenye mstari wao wa nyuma, dropu inawapa sababu ya kusogea na mpira mfupi wa kuupigia. Hao wapigie mpira mrefu unaotua karibu na miguu yao, kisha ninyi ndio mwende jikoni.